Vitenzi viwili, kishazi kimoja: sahili, ambatani au changamano?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Voi. Kiswahili nakipenda, lakini swali la kutambua aina za sentensi linaninyima alama kila mtihani. Nilinakili kanuni kutoka daftari la mwenzangu: kitenzi kimoja ni sahili, vitenzi viwili na kiunganishi ni ambatani, ukiona amba- ni changamano. Muhula uliopita niliifuata neno kwa neno. "Watoto walikuwa wakicheza uwanjani" nikaandika changamano kwa sababu ya -ki-. "Baba na mama wamesafiri" nikaandika ambatani. "Mwizi aliyekamatwa amefungwa" nikaandika ambatani, maana kuna vitenzi viwili na sikuona amba-. Zote zikakatwa. "Ingawa alikuwa mgonjwa, alienda shuleni" nikaandika ambatani pia, kwa kuwa naona haina tofauti na "Alikuwa mgonjwa lakini alienda shuleni". Nayo ikakatwa. Halafu kuna hii tuliyobishania bwenini mpaka taa zikazimwa: "Mkulima aliyevuna mahindi ameyauza lakini hajalipwa." Wengine wanasema ambatani, wengine changamano. Nifuate kanuni gani?

Mpenda Kiswahili, Voi

*

Marahaba, mwanangu.

Hiyo kanuni ya daftarini itupe. Inafaa kwa mifano iliyochaguliwa ili ifae, na mtahini huchagua mifano ya kinyume chake. Kasoro yake ni kwamba inakufanya uhesabu vitenzi na viunganishi, ilhali kinachohesabiwa ni vishazi. Kishazi kina kitenzi na kiima chake, hata kama kiima hicho ni kiambishi tu kilichobandikwa mwanzoni mwa kitenzi. Kishazi huru kimoja peke yake ni sentensi sahili. Vishazi huru viwili au zaidi vilivyounganishwa kwa hadhi sawa ni ambatani (utaiona pia ikiandikwa ambatano, ni kitu kimoja). Kishazi huru chenye kishazi tegemezi ndani yake au kando yake ni changamano. Hayo umeyasoma. Unakokwama ni kwenye kujua kishazi kinaanzia wapi, kinaishia wapi, na kama ni huru au la.

Tuanze na kuvihesabu. Katika "walikuwa wakicheza" kuna vitenzi viwili kwa macho, lakini kishazi ni kimoja. "Walikuwa" ni kitenzi kisaidizi: kinabeba wakati tu, na kazi yenyewe imo katika "wakicheza". Ukitaka kuhakikisha, jaribu kukipa kila kitenzi kiima chake. Huwezi kusema "Watoto walikuwa mama akipika" ukaeleweka. Lakini "Watoto walicheza mama akipika" inakubali, kwa sababu hapo kuna matendo mawili yenye watendaji wawili, na "mama akipika" ni kishazi kinachojitegemezea kwenye kile cha kwanza. Kwa hiyo -ki- si alama ya changamano kila mahali. Ikifuata kitenzi "kuwa", mara nyingi inaonyesha tu kwamba tendo lilikuwa likiendelea. Ikisimama bila kisaidizi, kama katika "Mvua ikinyesha, tutapanda", ndipo inapozaa kishazi tegemezi.

Kipimo hicho cha kiima kinakutatulia pia vitenzi vyenye ku-. "Nataka kwenda sokoni" ni sahili, kwa kuwa "kwenda" haina kiambishi cha mtendaji. Ni jina la tendo ninalolitaka, kama ambavyo ningesema "nataka maji". Badilisha kidogo iwe "Nataka uende sokoni", na sasa u- imeingia. Kuna mimi ninayetaka na wewe utakayekwenda, vishazi viwili, na cha pili kinategemea cha kwanza kwa sababu ndicho kitu ninachokitaka. Hiyo ni changamano, wala hakuna amba- wala kiunganishi chochote.

Angalia na upande wa pili, vitenzi visivyofanana na vitenzi. Wanafunzi wengi huruka "ni", "si", "yuko", "ana" kwa sababu havina -li- wala -ta-. Hivyo ni vitenzi vishirikishi, na kila kimoja kinaweza kubeba kishazi. "Huyu ni mwalimu na yule ni daktari" ni ambatani kamili. Kinyume chake, "wenye" hubeba maana ya kumiliki lakini si kitenzi, kwa hiyo "Watu wenye njaa wamefika" inabaki sahili. Urefu wa sentensi pia usikuhadae. "Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wenye nidhamu nzuri watasafiri kesho asubuhi kwa treni kutoka Voi hadi Mombasa" ni sahili, kitenzi ni "watasafiri" basi. "Ukija utakula" ina maneno mawili tu na ni changamano.

Sasa hiyo "na" iliyokuponza. Kabla ya kuandika ambatani, uliza "na" imesimama kati ya nini na nini. Kati ya "baba" na "mama" imeunganisha nomino mbili kuwa kiima kimoja cha kitenzi kimoja, na kishazi hakijaongezeka. Ni hivyo hivyo kwa "au" katika "Nipe chai au kahawa", na kwa "na" katika "Alinunua unga na mafuta". Kiunganishi kinazaa ambatani pale tu kinapokuwa na kishazi huru kila upande.

Kuna mahali pamoja ambapo hata walimu husita: "Mama anapika na kuimba." Kwa kipimo cha kiima ungesema "kuimba" haina mtendaji, kwa hiyo ni sahili. Lakini hapo "kuimba" ni namna ya mkato ya kusema "anaimba". Kiswahili hupenda kutorudia kiambishi na wakati vikishatajwa mara ya kwanza. Rudisha kilichofupishwa na utapata "Mama anapika na anaimba", maana haijabadilika hata kidogo. Mimi naihesabu ambatani. Sasa jaribu hivyo hivyo kwa "Mama anapenda kupika na kuimba". Ukisema "Mama anapenda kupika na anaimba" umebadilisha maana: mwanzoni tuliambiwa anapenda kuimba, sasa tunaambiwa anaimba, na huenda hapendi. Hapo "kupika na kuimba" ni shamirisho ya "anapenda", kwa hiyo sentensi ni sahili.

Tukija kwa mwizi wako, amba- si mlango pekee wa kishazi tegemezi, na katika mazungumzo ya kawaida si hata mlango unaotumika sana. Kirejeshi huingia ndani ya kitenzi chenyewe: aliyekamatwa, nilichonunua, alipofika, walivyosema. Huweza pia kukaa mwishoni kusipokuwa na kiambishi cha wakati, kama katika asomaye. Kazi ni ile ile ya ambaye na ambacho. Ukitaka kuona, toa hicho kirejeshi: "aliyekamatwa" inakuwa "alikamatwa", na sentensi inapasuka vipande viwili, "Mwizi alikamatwa" na "Amefungwa". Kirejeshi ndicho kilichokuwa kiungo. Kisha sema kwa sauti "mwizi aliyekamatwa" halafu unyamaze. Anayekusikiliza atabaki akingoja uendelee, amefanya nini huyo mwizi? Kishazi kinachomwacha msikilizaji akingoja hivyo ni tegemezi.

Lakini usikitegemee sana hicho kipimo cha kungoja, na hapa ndipo tunapofika kwenye "ingawa" na "lakini". Ukisema "ingawa alikuwa mgonjwa" ukanyamaza, msikilizaji anangoja. Ukisema "lakini alienda shuleni" ukanyamaza, naye atahisi kuna kitu kilichotangulia asichokisikia. Kwa kipimo hicho vyote viwili vinaonekana pungufu. Na kwa maana vinafanana kweli, hujakosea hapo. Ila aina ya sentensi haitokani na maana. Inatokana na jinsi vishazi vilivyofungwa pamoja.

Kipimo ninachokiamini kwa viunganishi ni cha kuhamisha. Chukua kiunganishi pamoja na kishazi kinachokifuata, kama furushi moja, ukipeleke upande wa pili wa sentensi. "Ingawa alikuwa mgonjwa, alienda shuleni." Hamisha: "Alienda shuleni ingawa alikuwa mgonjwa." Inakubali bila taabu. Sasa "Alikuwa mgonjwa lakini alienda shuleni." Hamisha: "Lakini alienda shuleni, alikuwa mgonjwa." Imevunjika. "Ingawa" ni mali ya kishazi chake, inakwenda nacho kokote kinakokwenda, kwa sababu kishazi hicho ni tegemezi kinachoeleza kile kingine. "Lakini" si mali ya upande wowote. Inakaa katikati ya vishazi viwili vilivyo sawa, na ukiiondoa katikati haina kazi.

Kipimo hiki kitakuamulia ugomvi wa "kwa sababu" ambao huzuka kila darasa. Wako wanaodai kwamba kwa kuwa ni kiunganishi basi sentensi ni ambatani. Hamisha: "Hakuja shuleni kwa sababu alikuwa mgonjwa" inakuwa "Kwa sababu alikuwa mgonjwa, hakuja shuleni". Imekubali, ni changamano. "Anasoma kwa bidii ili afaulu" inakuwa "Ili afaulu, anasoma kwa bidii". Changamano. "Kabla hajalala, hupiga mswaki", "Hupiga mswaki kabla hajalala", changamano. Kwa upande mwingine, bali, wala, au, kisha na halafu zote hukataa kuhama zikiwa kati ya vishazi, na zote hutoa ambatani. Na -ka- je? "Aliingia, akaketi, akaagiza chai" haina kiunganishi hata kimoja. Jaribu kuanza na "Akaketi, aliingia" uone. Inakataa kwa namna ile ile ya "lakini", kwa kuwa -ka- inafuatanisha matendo yenye hadhi sawa. Ni ambatani ya vishazi vitatu.

Kipimo cha kuhamisha hakifai kwa virejeshi vya nomino, kwa sababu kishazi cha "aliyekamatwa" kinafuata nomino yake na hakiwezi kuiacha kikaenda kwingine. Hapo tumia kirejeshi chenyewe kama ushahidi. Hakifai vizuri kwa "kwamba" pia. Katika "Nimesikia kwamba Juma amefika", badala ya kuhamisha, weka "hilo" mahali pa kishazi kizima: "Nimesikia hilo." Ikikubali, kishazi hicho ni shamirisho ya kitenzi cha kwanza, kwa hiyo ni tegemezi.

Kwa kuwa uko Voi, nikuonye jambo moja kabla hujaazima daftari la binamu aliye ng'ambo ya Holili. Tanzania hufundisha aina ya nne, sentensi shurutia, ambayo huchukua zile zenye sharti: -ki-, -nge-, -ngali-. "Mvua ingenyesha, tungepanda" kwao ni shurutia. Katika mtihani wako wa Kenya hiyo iweke kwenye changamano, kwani kishazi cha sharti ni tegemezi.

Sasa mkulima wenu wa bwenini. Tumfanyie kazi polepole. Vitenzi ni vitatu: aliyevuna, ameyauza, hajalipwa. Kila kimoja kina kiambishi chake cha kiima na hakuna kisaidizi, kwa hiyo vishazi ni vitatu. "Aliyevuna mahindi" kina kirejeshi -ye-, ni tegemezi, na kinaieleza nomino "mkulima". "Mkulima ameyauza" ni huru. Kumbuka kimekatwa katikati na kile tegemezi, na hivyo ndivyo vishazi hukaa katika sentensi za mtihani. "Hajalipwa" ni huru pia, na "lakini" ndiyo inayokiunganisha. Hamisha "lakini hajalipwa" uipeleke mwanzo, inavunjika.

Kwa hiyo mna vishazi huru viwili na tegemezi kimoja, na ndiyo maana hamkukubaliana. Wanaosema changamano wanashika kanuni kwamba kishazi tegemezi kikiingia popote, sentensi yote ni changamano. Wanaosema ambatani wanatazama kiungo kikuu. Mimi niko na hawa wa pili. Kata sentensi kwenye kiunganishi, kisha angalia kama kila kipande kinasimama. "Mkulima aliyevuna mahindi ameyauza." Kinasimama, na chenyewe ni changamano. "Hajalipwa." Kinasimama, na chenyewe ni sahili. Sentensi nzima basi ni ambatani iliyoundwa kwa changamano na sahili. Ukiichanganua kwa matawi hutakuwa na njia nyingine: utaanza na S, itoe S1, kiunganishi U, na S2. Ndani ya S1 ndipo utakapochora KN yenye N "mkulima" na S ndogo "aliyevuna mahindi", kisha KT "ameyauza". Kwa S2, KN itakuwa na alama ya kapa, kwa kuwa mkulima hakutajwa tena, na KT itakuwa "hajalipwa".

Linganisha na hii: "Mkulima aliyelima shamba na kuvuna mahindi amekuja mjini." Nayo ina kiunganishi na kirejeshi. Ikate kwenye "na". Kipande cha kwanza ni "Mkulima aliyelima shamba", nacho hakisimami. Hiyo ina maana kwamba "na" imejificha ndani ya kishazi tegemezi, ikiunganisha mambo mawili aliyoyafanya mkulima huyo, na haifiki kwenye sentensi kuu. Kishazi huru ni kimoja tu, "Mkulima amekuja mjini". Changamano, bila ubishi. Matawi yake yataanza na S kutoa KN na KT moja kwa moja.

Kwenye karatasi ya pili, 102/2, matumizi ya lugha yana alama 40, na swali hili huja kwa sura kadhaa. Ukiulizwa aina tu, taja aina. Sentensi ikiwa ya mseto kama ya mkulima wako, ongeza sababu kwa maneno machache hata kama hukuombwa: "ambatani, ina vishazi huru viwili vilivyounganishwa kwa lakini, cha kwanza kina kishazi tegemezi aliyevuna mahindi." Mtahini mwenye msimamo tofauti na wangu ataona angalau kwamba vishazi umeviona vyote. Ukiombwa ubainishe vishazi, vinakili kama vilivyo, usiongeze neno wala usibadilishe kitenzi. Katika mfano wa mwizi, kishazi huru ni "Mwizi amefungwa" na tegemezi ni "aliyekamatwa". Wengi huandika "Mwizi alikamatwa" kuwa kishazi cha kwanza. Hicho hakimo katika sentensi. Ni kile tulichokiunda wenyewe tulipokuwa tukipima.

Na ukiombwa ugeuze sentensi kutoka aina moja hadi nyingine, mgonjwa wako atakufaa. "Alikuwa mgonjwa lakini alienda shuleni" ni ambatani. Weka "ingawa" na umepata changamano. Ukitakiwa kuifanya sahili, lazima kitenzi kimoja kiondoke kabisa, na njia nyepesi ni kukigeuza kuwa nomino: "Alienda shuleni licha ya ugonjwa." Usiandike "licha ya kuwa alikuwa mgonjwa", maana "alikuwa" itakuwa imerudi na kiambishi chake, na kishazi tegemezi kitakuwa kimerudi nacho.